Barua ya Onyo Hufa Lini, na Iliyokufa Inaweza Kukufukuzisha Kazi?

Barua ya kuachishwa kazi mara nyingi huanza kwa kuhesabu. Inataja onyo la mwaka juzi, onyo la mwaka jana, kisha kosa la wiki iliyopita, na mwisho inasema kwamba kwa sababu hizo zote mwajiri hana budi kukatisha ajira yako. Ukiisoma haraka, unaona orodha ndefu na unajiona umekwisha. Ukiisoma kwa utulivu, huku kalenda iko mkononi, unaweza kugundua kwamba katika makosa matatu yaliyotajwa, mawili yalikwisha nguvu kabla ya hilo la tatu kutendeka.

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa Kenya aliyepewa barua ya namna hiyo, au aliye na onyo kwenye faili na anataka kujua litamwandama mpaka lini. Utamfaa pia meneja anayetaka kuandika onyo ambalo halitamtia aibu mbele ya hakimu.

Sheria inasema nini, na imenyamaza wapi

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haitaji popote kwamba onyo la maandishi lina nguvu kwa miezi sita, mwaka mmoja au miwili. Mtu akikuambia kwamba kisheria onyo ni miezi sita, amechukua desturi ya kampuni fulani akaifanya sheria ya nchi.

Hata hivyo, sheria haikuzisahau barua za onyo. Kifungu cha 45(5) kinaorodhesha mambo ambayo mahakama itayaangalia inapoamua kama mwajiri alitenda haki alipomwachisha mtu kazi. Miongoni mwake ni utaratibu uliofuatwa, mwenendo na uwezo wa mfanyakazi hadi siku ya kuachishwa, jinsi mwajiri alivyoshughulikia mambo ya aina hiyo siku za nyuma, na mwishoni kabisa, kama kulikuwa na barua za onyo alizopewa mfanyakazi huyo kabla.

Pima uzito wa maneno hayo. Kwa upande mmoja, mwajiri ana ruhusa ya kuzitaja barua zako za zamani, nayo mahakama itazisoma. Kwa upande mwingine, kuwapo kwa barua ni jambo moja tu kati ya kadhaa, na kifungu hakisemi kwamba barua yoyote, ya umri wowote, inatosha kumfukuza mtu. Zaidi ya hapo, kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kukuachisha, na kifungu cha 45 kinataka sababu hiyo iwe halali na ya haki, na utaratibu nao uwe wa haki. Kwa hiyo mzigo wa kueleza onyo la zamani lina kazi gani katika uamuzi wa leo uko kwa mwajiri.

Pale sheria iliponyamaza, muda wa onyo hutafutwa kwenye karatasi za kazini kwako.

Tafuta muda wa onyo lako

Anza na barua yenyewe. Onyo lililoandikwa vizuri husema wazi, kwa mfano, kwamba litakuwa na nguvu kwa miezi 12 kuanzia tarehe ya barua. Ikiwa imeandikwa hivyo, mwajiri amejifunga mwenyewe, na itakuwa vigumu kwake kudai baadaye kwamba alikusudia miaka miwili.

Barua isiposema, fungua kitabu cha kanuni za wafanyakazi. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anatakiwa na kifungu cha 12 kukupa taarifa ya kanuni za nidhamu zinazokuhusu, au kukuelekeza kwenye hati unayoweza kuipata na kuisoma. Mara nyingi utakuta ngazi: onyo la mdomo, onyo la kwanza la maandishi, la pili, na la mwisho, kila moja na muda wake. Vipindi vinavyoonekana sana ni miezi sita na miezi 12. Vinatokana na desturi na makubaliano ya kazini.

Ikiwa kazini kwenu kuna chama cha wafanyakazi, hati ya tatu, ambayo huenda ndiyo yenye nguvu kuliko kitabu cha kampuni, ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Masharti yake huingia katika mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Humo tafuta sentensi inayosema kwamba mfanyakazi akimaliza muda fulani bila kosa jingine, maonyo yaliyoingizwa katika kumbukumbu zake yatafutwa. Mwakilishi wa chama kazini atakuwa na nakala. Ukiambiwa ni siri ya ofisi, muulize katibu wa tawi.

Hapo kwenye mkataba wa pamoja kuna mtego wa hesabu. Baadhi ya masharti huhesabu siku za kazi, si siku za kalenda. Siku 300 za kazi kwa mtu afanyaye kazi siku sita kwa wiki ni wiki 50, yaani karibu mwaka mzima. Kwa afanyaye siku tano, ni wiki 60, hata kabla ya kutoa sikukuu na likizo. Na muda huanza kuhesabiwa lini? Kama hati inasema "tangu onyo la pili", usianze kuhesabu tangu la kwanza.

Na ikiwa hakuna hati hata moja inayotaja muda? Hapo onyo halina siku ya kufa iliyoandikwa, lakini hilo halimpi mwajiri ruhusa ya kulitumia milele. Mahakama itauliza kama ilikuwa haki kuegemea onyo la miaka minne iliyopita dhidi ya mtu ambaye tangu hapo hakusemwa neno. Kadiri kipindi cha utulivu kinavyorefuka, ndivyo onyo linavyopungua uzito.

Kubaki kwenye faili si kuwa hai

Wengi huchanganya mambo mawili hapa, nao mabishano mengi huanzia hapo. Onyo linaweza kuisha nguvu na karatasi yake ikaendelea kukaa kwenye faili. Kumbukumbu za ajira huhifadhiwa kwa sababu nyingine pia, kama vile mwajiri kujitetea akishtakiwa. Kuikuta barua ya mwaka 2019 kwenye faili lako hakumaanishi kwamba bado inakuhesabia ngazi.

Ikiwa hati ya kazini kwenu inasema onyo "litafutwa" au "litaondolewa", una haki ya kudai zaidi: kwamba lisitajwe tena kabisa, na karatasi itolewe kwenye faili la nidhamu. Ikiwa inasema tu kwamba onyo "litakuwa na nguvu kwa miezi 12", karatasi inaweza kubaki, ila kazi yake ya kukupandisha ngazi imekwisha. Kwa hiyo soma kitenzi kilichotumika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakusaidia upande huu. Inakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi zilizo mikononi mwa mwajiri, na kutaka taarifa zisizo za kweli au za kupotosha zisahihishwe au zifutwe. Pia inataka taarifa zisihifadhiwe zaidi ya muda unaohitajika kwa sababu ya msingi. Ombi la maandishi la kuona faili lako la nidhamu ni hatua nzuri kabla ya kikao chochote, kwa maana huwezi kujibu orodha ambayo hujaiona.

Swali moja la kupimia

Sasa tuje kwenye kiini. Onyo lililokwisha muda linaweza kusaidia kumfukuza mtu kazi? Jibu linategemea mwajiri analitumia kufanya kazi gani.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu ngazi. Mwajiri anasema: kosa hili la leo peke yake lisingetosha, lakini kwa kuwa uliwahi kupewa onyo la mwisho, hili ndilo linalokutoa. Kama onyo hilo limekwisha muda, hoja hiyo ni dhaifu sana. Mwajiri alikwambia ukijirekebisha kwa miezi 12 utakuwa umelipa deni. Ukalipa. Hawezi kukudai mara ya pili.

Kazi ya pili ni kueleza mazingira. Mwajiri anasema: kosa la leo ni zito kiasi cha kukuachisha kazi hata bila ya historia yoyote, na ninapofikiria kama nikupe adhabu ndogo zaidi, naona rekodi yako hainishawishi kukuhurumia. Au anasema: huwezi kudai hukujua kanuni hii, kwani ulipewa barua juu yake. Hapo onyo la zamani linaweza kutajwa bila kuharibu uamuzi.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: chukua barua ya kuachishwa kazi, funika kwa kidole kila onyo lililokwisha muda, kisha usome kilichobaki. Kama kilichobaki kinatosha kumwachisha mtu kazi, orodha ya zamani ni pambo tu, na kulipigia kelele hakutakuokoa. Kama kilichobaki ni kosa dogo ambalo mwenzako angeandikiwa onyo la kwanza, umeshika hoja yako kuu.

Mstari huo umechorwa wazi zaidi katika kesi za Uingereza, na inafaa kuzijua kwa sababu mahakama zetu, zinapouliza kama mwajiri alifanya jambo ambalo mwajiri mwenye busara angefanya, hutumia kipimo kilichokomaa huko. Katika kesi ya kampuni ya Diosynth, iliyoamuliwa Scotland mwaka 2006, mfanyakazi wa kiwanda cha kemikali alikuwa na onyo la miezi 12 kwa kutofuata hatua fulani ya usalama. Miezi michache baada ya onyo kuisha, mlipuko ulimuua mwenzake, na uchunguzi ukaonyesha kwamba alikuwa ameiruka hatua ileile mara nyingine. Akafukuzwa. Lakini mwajiri alikiri kwamba bila lile onyo la zamani asingemfukuza. Kukiri huko ndiko kulikomwangusha: onyo lililokufa ndilo lililoamua, na mahakama ikasema hiyo si haki.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisikiliza kesi ya Airbus. Mfanyakazi alikuwa na onyo la mwisho la miezi 12. Wiki chache tu baada ya kuisha, alikutwa na wenzake wanne wakitazama televisheni saa za kazi. Wenzake wanne walipewa onyo la mwisho, yeye akafukuzwa. Tofauti na Diosynth, hapa kosa jipya lenyewe lilihesabiwa kuwa kubwa la kutosha kumfukuza kila mmoja wao. Wale wanne waliokolewa na rekodi safi, naye hakuwa nayo. Mahakama ikasema mwajiri anaweza kuizingatia historia hiyo, ingawa muda wa onyo ulikuwa umepita.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Katika kesi nyingine ya Uingereza, ya kampuni ya Auto Trail mwaka 2016, mfanyakazi alikuwa na mashauri ya nidhamu 17 katika rekodi yake, na maonyo yake ya karibuni yalikuwa yamekwisha muda. Kosa la 18, la kushika simu katika eneo la kazi, halikuwa kubwa peke yake. Kufukuzwa kwake kulihesabiwa kuwa haki, kwa sababu mwajiri alikuwa na msingi wa kuamini kwamba mtu huyu hatabadilika. Kwa hiyo onyo moja au mawili yaliyokwisha si sawa na tabia ya miaka mingi. Mwenye kujirekebisha kila onyo linapotolewa na kurudia kila linapoisha hawezi kutegemea kalenda peke yake.

Mfano: karani wa stoo

Tufanye kwamba karani wa stoo katika ghala moja Changamwe ana miaka tisa kazini. Kitabu cha kanuni kinasema onyo la kwanza na onyo la mwisho kila moja lina nguvu kwa miezi 12 kuanzia tarehe ya barua. Tarehe 7 Machi 2022 anapewa onyo la kwanza kwa kuchelewa kazini. Tarehe 17 Oktoba 2022 anapewa onyo la mwisho kwa kutoa mali bila kuiandika kwenye leja.

Onyo la kwanza linaisha tarehe 6 Machi 2023. Onyo la mwisho linaisha tarehe 16 Oktoba 2023. Angalia kwamba onyo la pili halikurefusha maisha ya la kwanza. Lakini pia, kufa kwa la kwanza mwezi Machi hakuliui la pili, kwa kuwa siku lilipotolewa, la kwanza lilikuwa bado hai na ngazi ilipandwa kihalali.

Hali ya kwanza: tarehe 14 Novemba 2023 anachelewa saa moja na nusu. Siku kumi baadaye anapewa barua inayotaja maonyo yote mawili na kusema amekuwa mkaidi. Funika maonyo hayo kwa kidole. Kinachobaki ni asubuhi moja ya kuchelewa. Kwa kanuni za ghala hilohilo, kosa hilo linastahili onyo la kwanza. Mwajiri ametumia maonyo yaliyokufa kuhesabu ngazi, naye karani ana kesi nzuri, hata kama barua imeandikwa kwa Kiingereza cha kutisha.

Hali ya pili: tarehe 9 Oktoba 2023 karani anatoa tena mali bila kuiandika kwenye leja. Hakuna anayejua mpaka hesabu ya mali ya mwisho wa mwezi, tarehe 31. Kikao cha nidhamu kinafanyika Novemba 8. Karani anasema onyo la mwisho lilikwisha Oktoba 16, kwa hiyo lisitajwe. Hapa hoja yake ni dhaifu. Onyo lilikuwa linamtaka asirudie kosa ndani ya miezi 12, na alilirudia siku ya kosa ikiwa bado ndani ya muda huo. Isipokuwa kitabu cha kanuni kinasema vingine, tarehe inayohesabiwa ni ya kosa, wala si ya kugunduliwa au ya kikao. Hata hivyo, mwajiri akilijua kosa kisha akakaa nalo miezi mingi bila kuchukua hatua, ucheleweshaji huo utakuwa doa kwake.

Hali ya tatu: Januari 2024 karani anagunduliwa amebadilisha tarakimu kwenye leja kuficha katoni 40 za sabuni zilizotoka bila hati. Hakuna onyo lililo hai. Lakini kosa ni la udanganyifu, na halihitaji ngazi. Kifungu cha 44 kinaruhusu kufukuzwa mara moja kwa makosa mazito, na wizi au tuhuma zenye msingi wa kosa la jinai dhidi ya mali ya mwajiri ni miongoni mwake. Mwajiri akitaja onyo la 2022 kuonyesha kwamba karani alijua vizuri kanuni za leja, hajaharibu kitu. Kinachoweza kumharibia ni kumnyima karani nafasi ya kusikilizwa, kwa kuwa kifungu cha 41 kinataka hata katika makosa hayo mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na utetezi wao usikilizwe.

Katika hali ya kwanza na ya pili kuna swali jingine: je, onyo la kuchelewa linaweza kuhesabiwa dhidi ya kosa la leja? Kanuni nyingine hujumlisha makosa yote bila kujali aina, nyingine huhesabu kila aina peke yake. Kanuni zisiposema, kadiri makosa yanavyofanana ndivyo onyo la zamani linavyokuwa na uzito. Kuchelewa hakumfundishi mtu chochote kuhusu kuandika leja.

Ukipewa barua, fanya hivi

Siku unapopewa onyo, usikatae kutia sahihi kwa hasira. Sahihi ni ushahidi wa kupokea, si wa kukubali kosa. Andika kwa mkono wako: "Nimepokea, sikubaliani na yaliyomo," utie tarehe, kisha uombe nakala. Ikiwa kanuni zinatoa nafasi ya rufaa, itumie ndani ya muda uliowekwa. Onyo ambalo hukulipinga lilipotolewa ni vigumu sana kulipinga miaka miwili baadaye, kwa sababu mahakama huwa haipendi kufungua upya onyo lililotolewa kwa nia njema na kukubaliwa kimyakimya. Ni onyo lililotolewa kwa hila, au lisilokuwa na msingi hata kidogo, ndilo linaloweza kurudishwa mezani.

Andika kwenye daftari tarehe ya barua, muda wake, na tarehe ya mwisho. Siku hiyo ikipita, peleka barua fupi kwa ofisi ya wafanyakazi: onyo la tarehe fulani limekwisha muda kwa mujibu wa kanuni fulani, naomba ithibitishwe hivyo kwenye faili langu. Wengi hawajibu. Si kitu. Nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa itasema kwa niaba yako.

Ukipewa barua ya kutakiwa kujieleza inayotaja maonyo ya zamani, jibu kosa la sasa kwanza, kwa ukamilifu, kisha weka aya moja juu ya maonyo. Taja kila moja, tarehe iliyotolewa, kanuni inayoweka muda, na tarehe iliyoisha. Omba yasizingatiwe katika kuamua adhabu. Kwenye kikao rudia ombi hilo na uhakikishe limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Uliza swali hili wazi: "Kama maonyo haya yasingekuwepo, adhabu ingekuwa ileile?" Mwenyekiti akisema ingekuwa ndogo zaidi, jibu hilo ndilo lililoiangusha Diosynth. Akisema ingekuwa ileile, muulize wenzako waliotenda kosa kama hilo walipewa adhabu gani, maana desturi ya mwajiri nayo imo katika kifungu cha 45(5).

Ukiachishwa kazi, unaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, au kufungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya miaka mitatu. Fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki inaweza kufika hadi mishahara ya miezi 12, lakini huwa inapimwa. Mahakama huangalia pia kama mwenendo wako mwenyewe ulichangia kuachishwa kwako. Karani wa hali ya kwanza anaweza kushinda kesi na bado akapunguziwa fidia kwa sababu, hata hivyo, alichelewa.

Kwa anayeandika onyo

Makosa ya mwajiri katika jambo hili huwa ni yaleyale. Onyo halina muda, au lina muda tofauti na kitabu cha kanuni. Linasema "tabia mbaya" bila kutaja siku, saa na tendo. Linaitwa la mwisho wakati halikutanguliwa na lolote, na hakuna maelezo kwa nini kosa hilo lilistahili kurukishwa ngazi. Kisha barua ya kuachisha kazi inapoandikwa, kila karatasi iliyomo kwenye faili inamwagwa humo kwa kudhani kwamba wingi utasaidia.

Wingi huo unadhuru. Ukitaja onyo lililokufa kama sababu, umempa wakili wa upande wa pili kitu cha kushika, na umejifunga kueleza kwa nini ulilihitaji. Ikiwa kosa la sasa linatosha, liandike peke yake kama sababu. Ukitaka kuitaja historia, iweke mahali pake: kwamba ulipofikiria adhabu ndogo zaidi uliangalia miaka ya utumishi na rekodi nzima, na uandike wazi kwamba unajua onyo fulani limekwisha muda na hukulihesabu kama ngazi.

Na ikiwa una mfanyakazi ambaye hutulia kwa miezi 12 halafu akarudia mwezi wa 13, dawa haipo kwenye barua ya kumwachisha. Ipo kwenye onyo lijalo. Kanuni zako zikiruhusu, weka muda mrefu zaidi tangu mwanzo, tuseme miezi 18, eleza kwa maandishi kwamba ni kwa sababu ya kurudiarudia kulikotajwa kwa tarehe, na umsikilize kabla ya kulitoa onyo hilo. Muda uliorefushwa siku ya kutoa onyo unaweza kutetewa. Unaorefushwa baada ya onyo kuisha hauna mtetezi.